Jibu: Gari la kuchezea, ubao na umbali usiotulia

"Darasa la tano watapima umbali ambao gari linafika baada ya kushuka ubao, lakini nilipojaribu mwenyewe vipimo viliruka ovyo. Nirekebishe nini?"

Mwalimu mwenzangu, mara nyingi tatizo huwa ni mkono unaoachia gari, kwa sababu mtu hulisukuma kidogo bila kujua. Chora mstari karibu na ncha ya juu ya ubao, weka rula mbele ya magurudumu, kisha mwanafunzi aiinue wima ili gari liondoke lenyewe.

Pitisha pia kidole pale ubao unapokutana na sakafu. Ukihisi kizingiti, gari litadunda hapo na kupoteza mwendo. Bandika kipande cha kadibodi, nacho kibaki mahali pake katika majaribio yote.

Kinachobadilika kiwe kimo pekee, kwa mfano sentimita 10 kisha 20, kwa kupanga madaftari chini ya ubao. Umbali upimwe kuanzia mwisho wa ubao hadi magurudumu ya mbele, mara tatu kwa kila kimo. Tuseme sentimita 10 zimetoa 62, 65 na 91: hiyo 91 isifutwe kimyakimya, bali iandikwe, jaribio lirudiwe, na wanafunzi wajadili kama gari lilisukumwa. Sakafu ikiwa ile ile, kimo kikiongezwa maradufu umbali nao hukaribia maradufu, kwani msuguano unaolisimamisha gari haubadiliki sana. Ubao ukiwa mwinuko mno, pua ya gari hugonga sakafu na uhusiano huo huvurugika.