Dar hadi Tanga: usizidishe kabla hujaangalia mstari umepita wapi

Wadogo zangu mnaoanza kwenye dawati la usafirishaji, kazi ya kwanza mtakayopewa ni kukadiria kilomita ili bei ya mzigo itoke. Nilipoanza, niliambiwa nipime umbali wa mstari mnyoofu kisha nizidishe kwa 1.2. Nikafanya hivyo kwa mzigo wa Tanga. Lori liliporudi, mita ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 700, wakati mimi nilikuwa nimeweka dizeli ya kilomita 470. Hasara ile ilinifundisha jambo ambalo nataka mlijue mapema.

Tuanze na hesabu yenyewe. Huku kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote ni takribani kilomita 111, kwa hiyo pembetatu ya kawaida inatosha. Dar iko latitudo 6.82 kusini, longitudo 39.28 mashariki, Tanga iko 5.07 na 39.10. Tofauti ni 1.75 na 0.18, yaani kilomita 194 na 20:

```
sqrt(194^2 + 20^2) = 195
```

Kilomita 195 ni sahihi kabisa. Kosa langu lilikuwa kwenye kile nilichozidisha nacho. Chukua ramani, weka rula kutoka Dar hadi Tanga, utaona mstari unapita baharini na kufika jirani kabisa na mji wa Zanzibar. Lori haliendi huko. Linafuata barabara ya Morogoro hadi Chalinze, linakata kaskazini, linavuka Wami, linafika Segera, ndipo linageuka mashariki kushuka Tanga. Jumla yake ni takribani kilomita 350, uwiano wa 1.8.

Kwa hiyo kabla ya kuzidisha chochote, angalia mstari umekatiza nini: maji, mlima, hifadhi au mto usio na daraja. Ukikuta kizuizi, tafuta mahali ambapo gari linalazimika kupita, mimi napaita lango, kisha ukate safari vipande hapo. Kwa Tanga malango ni Chalinze na Segera. Mistari minyoofu ya vipande vile ni takribani 104, 148 na 67, jumla 319. Dereva akipitia Bagamoyo na kutokea Msata, lango linabadilika na kilomita zinapungua, hivyo muulize njia kwanza.

Sasa ndipo unahitaji uwiano, na uwiano mzuri hutoka kwenye safari unazozijua tayari, zilizo kwenye barabara kuu za aina ileile na zisizo na kizuizi kikubwa katikati. Dar–Morogoro ni takribani kilomita 192 kwa barabara na 179 kwa mstari. Morogoro–Dodoma ni 260 kwa 224. Arusha–Moshi ni 80 kwa 73. Jumlisha barabara zote, 532, gawa kwa jumla ya mistari, 476, unapata 1.12. Naona ni bora kugawa jumla kuliko kutafuta wastani wa uwiano wa kila safari, kwa sababu safari fupi yenye kona nyingi isije ikavuta jibu lote. Zidisha 319 kwa 1.12, utapata 357, karibu kabisa na zile 350 za mita ya gari.

Hiyo 0.12 inayozidi ni ya mambo madogo madogo: barabara kuzunguka kilima, kufuata daraja lilipo, kupitia mji ambao haukuwa kwenye mstari. Safari ikiwa fupi, mambo hayo yanakuwa sehemu kubwa zaidi ya umbali, kwa hiyo usichukue 1.12 ukaipeleka kwenye kilomita 10 za mtaani.

Wala usiipeleke milimani. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 11 kwa mstari, lakini barabara ni kama 33. Lushoto iko juu ya Mombo kwa takribani mita 1,000. Ukipanda mita hizo ndani ya kilomita 11 tu, kila mita 100 unazosonga unapanda mita 9, mwinuko mzito mno kwa lori lenye mzigo kuumudu njia nzima. Zile kona zote ni namna ya kurefusha njia hadi mwinuko wa wastani ushuke kwenye mita 3 kwa kila 100. Safari ya namna hiyo tafuta kilomita zake halisi, usikadirie kwa uwiano wa tambarare.

Uwiano ukitoka chini ya 1, simama hapo hapo: hakuna barabara fupi kuliko mstari mnyoofu. Mara nyingi nimekuta mtu amebadilishana latitudo na longitudo za mji mmoja, au amesahau kwamba miji yote miwili iko kusini mwa ikweta, akajumlisha badala ya kutoa.