Ajenti Aliahidi, Mwenye Jengo Hakuahidi: Niliyojifunza kwenye Kifungu cha 17

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia kwamba amepata chumba cha kufungulia duka la dawa za mifugo, na kwamba ajenti amemhakikishia kuwa mwenye jengo ataweka grili madirishani na hatamtoza kodi ya mwezi wa kwanza. Mkataba unatiwa sahihi Ijumaa na hayo yote hayamo ndani yake. Aliniuliza swali moja: ajenti aliyasema mbele ya dada yake, je, dada huyo si shahidi wa kutosha?

Anatosha kuthibitisha kwamba maneno yalisemwa. Kumfunga mwenye jengo kwa maneno hayo ni jambo jingine, na tofauti ya mambo hayo mawili ilinigharimu shilingi 95,000 hapa Nakuru. Kwa kuwa mwezi huu nimetia sahihi mkataba wa pili kwa mwenye jengo yuleyule, nimeona nisimulie yote.

Miaka 3 iliyopita nilikuwa nikioka mikate nyumbani na kuisambaza kwa maduka ya mtaani, kazi niliyoijenga bila mkopo wa mtu, na nilitaka chumba kikubwa ambacho kingebeba tanuri ya umeme. Tanuri niliyoinunua ilihitaji umeme wa fezi tatu. Ajenti alinipeleka kwenye jengo moja, akafungua mlango, nami nikaenda moja kwa moja kwenye mita na kuona kuwa ni ya fezi moja. Alicheka, akasema, "Mama, hilo lisikusumbue. Ndani ya siku 30 mzee anakuletea fezi tatu, na hadi siku itakapowaka utalipa nusu ya kodi." Nilipouliza kuhusu majitaka, maana mahali pa kuokea huoshwa kila siku, alikanyaga kifuniko cha zege nyuma ya jengo na kusema kwamba bomba limeunganishwa na mtaro mkuu wa mji.

Kumbuka maneno hayo matatu, kwa sababu kila moja lilikuwa na hatima yake: fezi tatu, nusu ya kodi, na bomba la majitaka.

Mkataba ulikuwa wa kurasa 11, kwa Kiingereza, wa miaka 3, kodi ikiwa shilingi 38,000 kwa mwezi. Nilisoma ukurasa wa kodi, wa dipoziti na wa kutoa notisi, halafu nikatia sahihi. Kifungu cha 17, karibu na mwisho, kilisema hivi nikikitafsiri: "Hati hii ndiyo makubaliano yote ya pande mbili kuhusu chumba hiki, na inachukua nafasi ya mazungumzo, maelewano na ahadi zote zilizotangulia, ziwe za mdomo au za maandishi." Nilikiona. Nilidhani ni maneno ya kujaza karatasi, kama yale yasemayo kwamba kutaja jinsia moja ni kujumuisha na nyingine.

Fezi tatu haikuja. Nilikodi tanuri ya gesi, nikawa nalipa shilingi 19,000 kila mwezi kama nilivyoahidiwa, na kwa miezi mitano hakuna aliyenikemea, jambo lililonifanya niamini kuwa mwenye jengo anaelewa. Mwezi wa sita nikapokea barua ya wakili wake ikidai malimbikizo ya shilingi 95,000. Ajenti hakupokea simu tena. Nilimtafuta mwenye jengo mwenyewe, mzee mstaarabu kabisa, akanisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia kwamba yeye hakuniahidi kitu, na kama kuna mtu aliyeniahidi basi nimfuate mtu huyo. Maneno yale yaliniuma kuliko ile barua, na sidhani yameacha kuniuma.

Nilikwenda kwa wakili nikiwa na silaha yangu, yaani ujumbe wa WhatsApp ambamo ajenti, siku mbili kabla ya kutia sahihi, aliandika kuwa nusu ya kodi ni hadi fezi tatu iwake. Wakili aliusoma mara mbili. "Sibishi kwamba alisema," aliniambia. "Ninachouliza ni nani aliyefungwa na maneno hayo."

Kisha akanitenganishia yale maneno matatu. Nusu ya kodi ingeanguka hata kama Kifungu cha 17 kisingekuwapo. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, katika vifungu vya 97 na 98, inasema kwamba masharti ya mkataba yakishawekwa katika hati, basi hati hiyo ndiyo inayoyathibitisha, na ushahidi wa makubaliano ya mdomo haupokelewi ili kuyapinga, kuyabadilisha, kuyaongeza au kuyapunguza. Hati ilisema 38,000. Mimi nilitaka kuthibitisha 19,000, na huko ni kuipinga hati waziwazi. Wala ujumbe wa WhatsApp haukuniokoa, kwa kuwa ulitangulia sahihi na kifungu chenyewe kilizitaja hata ahadi za maandishi.

Fezi tatu ilikuwa na uhai kidogo zaidi. Kifungu cha 98 kinaruhusu kuthibitisha makubaliano tofauti ya mdomo juu ya jambo ambalo hati imelinyamazia, mradi yasigongane na masharti yake, na mkataba wangu haukusema lolote kuhusu umeme. Sheria yetu ya Mikataba, sura ya 23, hutumia pia misingi ya sheria ya mikataba ya Uingereza, na huko kuna kesi ya mwenye duka aliyeambiwa kwa mdomo na upande wa mwenye jengo kwamba akitia sahihi ataruhusiwa kuendelea kulala dukani, ingawa mkataba uliruhusu biashara pekee. Kesi hiyo, City and Westminster Properties dhidi ya Mudd, iliyoripotiwa mwaka 1959, iliamuliwa kwa faida ya mpangaji, kwa kuwa ahadi ile ilihesabiwa kuwa mkataba mdogo uliosimama kando ya ule mkubwa. Nilipoisikia nilikaa wima kitini. Lakini Kifungu cha 17 kimetungwa hasa ili kuzima hoja ya namna hiyo: pande zote zinatia sahihi kwamba hakuna mkataba wa kando, na mahakama za Uingereza zimekubali, kwa mfano katika kesi ya Inntrepreneur ya mwaka 2000, kwamba kifungu kama hicho huinyima ahadi ya awali nguvu ya mkataba.

Na hata tungevuka hapo, tungekutana na swali la mamlaka. Ajenti wa kutafuta wapangaji kwa kawaida hupewa kazi ya kuonyesha chumba, kukieleza na kupeleka ofa kwa mwenyewe. Kupunguza kodi au kumfunga mwenye jengo kwa gharama ya kuleta umeme ni mamlaka mengine, ambayo lazima mwenye jengo awe amempa au awe ametenda kwa namna iliyokufanya uamini kuwa amempa. Ajenti kujitangaza kwamba ana mamlaka hakumpi mamlaka. Nilipoulizwa ni lini mzee alinionyesha kuwa ajenti anaweza kupunguza kodi, sikuwa na jibu, kwa sababu kabla ya kutia sahihi sikuwa nimemwona mzee hata siku moja.

Bomba la majitaka ndilo lililobaki limesimama. Hiyo haikuwa ahadi ya kesho. Ilikuwa kauli kuhusu hali ya jengo siku ile, nayo ilikuwa ya uongo: chini ya kile kifuniko cha zege kulikuwa na tangi lililojaa kila baada ya wiki kadhaa, na ni mimi niliyelipa gari la kunyonya. Kueleza jengo ni kazi ya kawaida ya ajenti, kwa hiyo swali la mamlaka lilikuwa jepesi. Tena Kifungu cha 17 kilizungumzia makubaliano na ahadi, bila kusema popote kwamba mpangaji hakutegemea maelezo yoyote aliyopewa. Ile kesi ya mwaka 2000 inatofautisha mambo hayo mawili: kusema kwamba hati ndiyo makubaliano yote hakufuti, peke yake, dai la kudanganywa kuhusu ukweli wa jambo. Mikataba mingine huongeza sentensi ya kutotegemea maelezo, na ukiiona kwenye wako ujue mlango huo nao umesukumwa ili ufungwe, ingawa ulaghai wa makusudi haufichiki nyuma ya kifungu chochote.

Hapo nako nilikuwa nimejidhoofisha. Anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ya kudanganywa hapaswi kujua ukweli halafu akaendelea kukaa kana kwamba ameridhika, nami nilikuwa nimekaa miezi minne tangu tangi lifurike mara ya kwanza. Tulimaliza kwa mapatano: nililipa zile 95,000 kwa awamu tatu, na mzee akachukua gharama ya kunyonya tangi. Mkataba wa biashara usiozidi miaka mitano, kama wangu, unalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, sura ya 301, kwa hiyo hangeweza kunitoa bila notisi ya angalau miezi miwili na nafasi ya kupinga mbele ya baraza la majengo ya biashara, lakini ulinzi huo haukupunguza hata senti ya deni lenyewe. Ajenti angeweza kushtakiwa yeye binafsi kwa kujidai kuwa na mamlaka asiyokuwa nayo. Tatizo ni kumpata.

Sasa msomaji wangu wa Kakamega, nakusihi usiende Ijumaa na shahidi. Nenda na aya. Usiandike tu "mwenye jengo ataweka grili", kwa kuwa hilo halina siku wala matokeo. Andika grili za madirisha mangapi, kwa gharama ya nani, kufikia tarehe gani, na kodi itakuwa kiasi gani kwa kila mwezi utakaopita kabla hazijawekwa. Mwezi usiolipiwa uingie kwenye kifungu chenyewe cha kodi, kwa kutaja tarehe ya malipo ya kwanza, usije ukagongana nacho. Wakikuambia wataandika barua ya kando, sahihi iwe ya mwenye jengo, na kile kifungu cha makubaliano yote kiitaje barua hiyo kwa tarehe yake, la sivyo kitaimeza kama kilivyozimeza ahadi zangu. Na kama ajenti ndiye atakayetia sahihi, omba uone karatasi inayompa mamlaka hayo. Atanuna. Mwache anune, maana watu wetu tunaona haya kumwomba mtu aandike aliyoyasema dakika tano zilizopita, kisha hatuoni haya kumlaani miaka mitatu mfululizo.

Mwezi huu, tulipokuwa tunahuisha mkataba, nilipeleka aya yangu ya fezi tatu ikiwa imechapwa: mwenye jengo aombe na kugharimia umeme huo ndani ya siku 30, na baada ya hapo kodi iwe nusu hadi utakapowaka. Ajenti mpya alisema hakuna haja, mzee ni mtu wa neno lake. Mzee alivaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mstari, akachukua kalamu, akakata 30 na kuandika 90. Akakata "nusu" pia, akaandika "robo tatu". Halafu akatia herufi za jina lake pembeni, mara mbili, na kunisogezea karatasi.