Kwa wadogo zangu wa meza ya picha: alama fiche isipoonekana

Wadogo zangu, wiki hii tena nimekuta ile sentensi kwenye fomu ya kupokea picha: "Imepimwa, haina alama fiche, ni picha ya kamera." Tafadhali tuiache. Alama fiche ni ujumbe usioonekana kwa jicho, ambao baadhi ya programu za kuzalisha picha kwa akili mnemba huuficha ndani ya picha. Nusu yake ya kwanza inaweza kuwa kweli, lakini nusu ya pili haikutoka kwenye kipimo chochote.

1. Jueni mnachopima. Skripti yetu inatafuta alama ya aina moja tu, ile iliyowekwa na programu ya awali ya Stable Diffusion ya mwaka 2022. Ujumbe wake ni `StableDiffusionV1`, herufi 17, yaani biti 136. Mkikosea idadi hiyo ya biti, mtasoma takataka hata kwenye picha yenye alama.

```python
import cv2
from imwatermark import WatermarkDecoder

picha = cv2.imread('picha.png')
msomaji = WatermarkDecoder('bytes', 136)
print(msomaji.decode(picha, 'dwtDct'))
```

Ikitoka `b'StableDiffusionV1'`, kazi imekwisha: herufi 17 hazijipangi hivyo kwa bahati. Likitoka vurugu la herufi, hamjajua chochote bado.

2. Ulizeni picha imepitia wapi kabla ya kuigusa. Hapa ndipo mnaponiumiza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mteja mmoja hapa Moshi alileta picha ya kalenda: shamba la kahawa, na nyuma yake Mlima Kilimanjaro. Alisema imepigwa Kibosho. Mdogo wenu mmoja, kijana makini kuliko wengi, aliipima, akapata vurugu, akaandika ile sentensi. Fundi wetu wa mashine ya kuchapa ndiye aliyeikataa. Alinyoosha kidole kwenye kilele cha Mawenzi: kilele hicho kilikuwa kushoto kwa kile kikubwa cha Kibo. Ukiwa upande wetu huu wa kusini, Mawenzi iko kulia, na mtoto yeyote wa Moshi huiona hivyo kila asubuhi mawingu yakifunguka. Ingekuwa kushoto kama mpigaji angesimama upande wa Kenya, na huko si Kibosho.

Picha inaweza kuwa imegeuzwa tu kushoto-kulia, kwa hiyo mlima peke yake haukutosha. Tukaangalia faili: mraba wa pikseli 1080 kwa 1080. Tukamwomba mteja faili alilopewa yeye mwanzo, kabla ya kulikuza. Likaja la PNG, 512 kwa 512. Skripti ileile, mistari ileile, ikatoa `StableDiffusionV1` bila kukosa herufi.

Sababu ni hii. Njia ya `dwtDct` huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuficha biti moja katika rangi ya kila kipande, kwa mpangilio wa mstari baada ya mstari. Picha ya 512 ina vipande 64 kwa 64, jumla 4,096, kwa hiyo ujumbe wa biti 136 unarudiwa kama mara 30. Marudio hayo ndiyo yanayouokoa picha ikibanwa kuwa JPEG ya kiasi. Lakini msomaji anahesabu vipande kuanzia kona ya juu kushoto. Picha ikikuzwa hadi 1080, mipaka ya vipande haiko tena pale anapoitafuta. Mkikata ukanda wa kulia, idadi ya vipande kwa kila mstari inapungua na mpangilio unavurugika kuanzia mstari wa pili. Mkikata chini tu, ujumbe kwa kawaida unabaki. Jaribuni wenyewe kwenye picha mliyoitengeneza. Mtaelewa haraka kuliko kwa maneno yangu.

Angalieni basi jinsi ilivyo rahisi. Yule mteja hakuwa na nia ya kufuta chochote, alikuza picha ienee kwenye karatasi. Mwenye nia mbaya hahitaji hata hilo, kwa sababu programu iko kwenye kompyuta yake na anaweza kuufuta mstari wa msimbo unaoweka alama kabla picha haijazaliwa.

3. Alama nyingine ni ngumu zaidi. SynthID ya Google, iliyotangazwa 2023, imetengenezwa ihimili kukatwa na kubanwa, ila skripti yetu haiisomi kabisa. Inahitaji kisomaji cha Google wenyewe. Na mwaka huohuo wa 2023 watafiti walionyesha kwamba picha ikiongezwa chengachenga kisha ikasafishwa na modeli ya kuzalisha picha, alama fiche nyingi hupotea huku jicho likiona picha ileile.

4. Taarifa za faili someni kwa `exiftool`, na msishangae zikiwa tupu kwa picha iliyopita WhatsApp.

Kwenye fomu, kuanzia kesho, andikeni mlichopima, kwenye faili la ukubwa gani, na lilifikaje: "Alama ya `StableDiffusionV1` haikusomeka, faili ni 1080 kwa 1080, limekuja kwa WhatsApp, faili la awali limeombwa." Kama la awali halijaja, picha haiendi kwa fundi.