Usifute Akaunti Kabla ya Viza: Yaliyonikuta Mimi

Juzi usiku dada mmoja wa Voi aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata ufadhili wa masomo Marekani, naanza Agosti. Juni 2024 niliandika sana kwenye X kuhusu maandamano ya Mswada wa Fedha. Rafiki yangu ananiambia nifute kila kitu kabla ya viza. Nifute?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Ningempata mtu wa kumuuliza swali hilo Mei 2025, leo ningekuwa na picha za marehemu baba yangu.

Barua yangu ya ufadhili ilikuja Aprili mwaka huo. Nilikuwa na Facebook tangu 2013, nikiwa kidato cha kwanza, na humo mlikuwa na kila kitu: picha za baba, matokeo ya mpira, mabishano ya siasa, maneno makali niliyomwandikia mwanasiasa fulani wa kaunti yetu. Kijana wa saiba niliyemlipa anisaidie fomu aliniambia bila kusita, "Futa yote bro, ubalozi wakikuta uko safi hawana la kukuuliza." Nikamwamini, maana alikuwa amejazia watu wengi. Tarehe 4 Mei nikabonyeza kufuta, nikalala nikijiona mjanja.

Katikati ya Juni ndipo tulipofika kwenye ukurasa wa mitandao ya kijamii wa DS-160, fomu ya kuombea viza ya Marekani. Swali lile limekuwepo tangu 2019, na haliulizi una akaunti gani leo. Linauliza mitandao uliyoitumia katika miaka mitano iliyopita, pamoja na jina ulilolitumia huko. Kwa hiyo akaunti uliyoifuta mwezi jana bado inatakiwa kuandikwa. Kijana wa saiba akasema tuchague "None" tusonge mbele. Hapo nilikataa, na kwa hilo najipongeza mpaka leo. Mwisho wa fomu unathibitisha kwamba uliyoyaandika ni kweli. Akaunti iliyofutwa inaweza kuelezwa, lakini uongo wa makusudi kwenye ombi la viza unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote.

Nikaandika Facebook. Jina gani sasa? Nikaweka majina yangu mawili kama yalivyokuwa yakionekana juu ya picha yangu. Kumbe kinachotakiwa ni lile jina la kwenye anwani, linalokuja baada ya facebook.com/, au namba ikiwa hukuwahi kujichagulia jina. Mimi langu nilikuwa nimelisahau, na pa kuliangalia hapakuwepo tena. Facebook hukupa siku 30 za kubadili mawazo baada ya kuomba kufuta. Nilijaribu kuingia siku ya arobaini na moja.

Wiki hiyohiyo, tarehe 18 Juni 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba waombaji wa viza za F, M na J, yaani wanafunzi na wageni wa mipango ya kubadilishana, waziweke akaunti zao wazi kwa umma ili zikaguliwe. Mimi nilikuwa na jina lisilofika popote.

Julai nikapanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi. Maswali ya masomo yalikwenda vizuri. Kisha afisa akatazama skrini yake kwa muda, akaniuliza, "Hii Facebook yako iko wapi?" Nikamwambia nimeifuta. "Lini?" Mei. "Kwa nini Mei?" Dada yangu, swali hilo halina jibu zuri. Ukisema ulitaka kupumzika na mitandao, mbona ni mwezi mmoja baada ya barua ya ufadhili? Nilisema ukweli, kwamba nilishauriwa vibaya. Akanipa karatasi yenye namba 221(g), maana yake ombi halijakamilika, pamoja na maagizo ya kuleta maelezo ya akaunti ile.

Jina la akaunti nililipata kwenye barua pepe za zamani za taarifa za Facebook. Nikaandika aya moja tu: nilifungua mwaka gani, niliomba ifutwe tarehe gani, na kwa nini. Nikaambatanisha barua pepe ya Facebook iliyothibitisha ombi la kufuta. Nilisubiri wiki saba. Viza ilitoka Septemba, muhula umeshaanza, chuo kikanisogeza hadi Januari 2026, na posho ya miezi ile ikapotea. Simlaumu afisa hata kidogo. Nilimpa shimo mahali alipotarajia kuona mtu.

Sasa nikujibu wewe. Usifute akaunti, na usiifunge kwa kufuli wiki ya mahojiano. Ukiizima kabisa akaunti ya X, baada ya siku 30 inaondoka, na jina lako linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, uje kuulizwa kuhusu maneno yake. Leo usiku fungua kila akaunti uliyoitumia kwa miaka mitano, nakili jina la kwenye anwani kwenye daftari, kisha pakua nakala ya data yako yote. Hilo ndilo la kwanza. Ningelifanya mimi, picha zingekuwa kwenye simu yangu.

Kusafisha ni jambo jingine kabisa. Kwenye Facebook ingia "Activity log", uchuje kwa mwaka, na ukikutana na chapisho la kukuaibisha ulipeleke "Archive", siyo "Trash". Cha Trash hufutika baada ya siku 30, cha Archive hubaki kwako ukakitoa ukiulizwa. Matusi, vitisho, picha ya mtu aliyeumizwa uliyoisambaza kwa hasira, hayo yaondoe. Hata kama hakuna viza hayakustahili kukaa pale. Lakini kusema kwamba ulipinga kodi ya mkate ni maoni yako, na ukurasa uliojaa matokeo ya shule, harusi za binamu na siasa kidogo unafanana na maisha ya mtu wa kweli. Mimi ningeyaacha. Ukiulizwa, unayasimamia kwa sentensi mbili.

Kisha linganisha akaunti na fomu, jambo ambalo watu hawalifanyi kabisa. Rafiki yangu aliyeomba baada yangu nilimkalisha tukasoma LinkedIn yake na DS-160 pamoja. LinkedIn ilisema aliajiriwa zahanati Januari 2021. Fomu ilisema Oktoba. Zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, maana miezi tisa ya kwanza alijitolea bila mshahara. Tukaitenganisha LinkedIn iwe vipindi viwili. Tukakuta pia alikuwa amechangia kwenye picha ya uwanja wa ndege, "Nikipanda hiyo sirudi tena." Ulikuwa utani wa 2022. Lakini mwombaji wa viza ya masomo anatakiwa aridhishe kwamba atarudi nyumbani, na wengi hunyimwa kwa kifungu cha 214(b) kwa sababu hiyohiyo. Aliuondoa, na tukakubaliana akiulizwa hataukana. Mahojiano yake hayakuzidi dakika tano.

Yote haya yafanye sasa, miezi kabla. Wala usimpe mtu wa saiba nywila zako, fomu haiziulizi.

Picha za baba, dada, nimepata moja tu. Binamu yangu aliwahi kuipiga skrini akamtumia shangazi WhatsApp: mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua, na chini yake maandishi yangu ya 2016 yamekatwa katikati.