Maswali na majibu: Umeombwa sura moja, wewe umefupisha nini?

Mkuu wangu anataka muhtasari wa Sura ya Tano ya Katiba ya Kenya, ile ya ardhi na mazingira, ukurasa mmoja. Je, lazima niisome Katiba nzima?

La. Soma sura yenyewe neno kwa neno, vifungu vya 60 hadi 72, kisha tafuta mahali pengine panapobadilisha maana ya kile ulichosoma. Katiba ina vifungu 264 na majedwali sita, lakini pa kutafuta si pengi.

Anza na vifungu ambavyo sura yenyewe inavitaja. Kifungu cha 70, kwa mfano, kinakurudisha kwenye cha 42, haki ya kuishi katika mazingira safi. Hapo huna kisingizio, umeonyeshwa njia. Kisha nenda kwenye fasili, yaani kifungu cha 260. Humo utakuta kwamba "ardhi" si udongo peke yake: ni pamoja na miamba iliyo chini, maji yaliyo juu na chini ya ardhi, hata anga iliyo juu yake. Sura ya Tano inalitumia neno hilo kila mahali bila kulieleza. Mwisho, angalia masharti ya mpito, yaani Jedwali la Sita. Wengi hawafiki huko, na ndiko makosa makubwa yanakotokea.

Chukua kifungu cha 65. Kinasema asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa kukodishiwa tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mfupishaji anaandika hivyo, na yuko sahihi. Kisha anaongeza: "Katiba haisemi lolote kuhusu wageni waliokuwa na ardhi ya umiliki wa kudumu kabla ya 2010." Huo ni uongo, ingawa aliyeuandika hakukusudia kudanganya. Jedwali la Sita, sehemu ya 8, linasema umiliki huo unarudi kwa Jamhuri na aliyekuwa nao anapewa ukodishaji wa miaka 99. Kifungu cha 65 hakikitaji hata kidogo kipengele hicho. Kwa hiyo usiandike "Katiba haisemi" ukiwa umesoma sura moja. Andika "Sura ya Tano haisemi." Ni neno moja tu limebadilika, lakini la kwanza linamfanya mkuu wako aamue jambo kwa msingi ambao haupo.

Si inatosha kuandika chini: "Sehemu nyingine hazikufupishwa"?

Haitoshi. Kila anayesoma muhtasari wa sura moja anajua kuna sura nyingine. Asichokijua ni kipi kati ya vilivyoachwa kinamhusu. Andika mstari wa mipaka, hivi:

"Muhtasari huu ni wa Sura ya Tano ya Katiba ya Kenya ya 2010 peke yake (vifungu 60–72). Haukugusa fidia kwa mali inayotwaliwa na serikali (kifungu cha 40), haki ya mazingira safi (kifungu cha 42), maana ya neno 'ardhi' (kifungu cha 260), wala ardhi iliyokuwa mikononi mwa wageni kabla ya Katiba hii (Jedwali la Sita, sehemu ya 8). Hayo manne nimeyaangalia lakini sikuyafupisha. Sehemu nyingine za Katiba sikuzisoma. Sheria zilizotungwa na Bunge hazimo."

Tazama sentensi tatu za mwisho. "Nimeangalia lakini sikufupisha" na "sikusoma" ni mambo mawili tofauti, na msomaji ana haki ya kujua lipi ni lipi. Ukiyachanganya, atadhani umechunguza Katiba yote ukaridhika kwamba hakuna kingine cha maana. Sentensi ya Bunge nayo inatenganisha kilicho nje ya sura na kilicho nje ya waraka wenyewe. Kifungu cha 68 kinaliagiza Bunge kutunga sheria za ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 2012 ipo. Anayetaka kununua shamba hawezi kuishia kwenye Katiba.

Kifungu cha 40 ni muhimu mno kwa wasomaji wangu. Kwa nini nisikiingize tu kwenye muhtasari?

Kwa sababu hukuombwa. Ukikiingiza, msomaji ataamini kimo ndani ya Sura ya Tano, atakinukuu hivyo, na atakayekwenda kukitafuta huko hatakiona. Kitaje kwenye mstari wa mipaka kwa namba na kwa jina la jambo lenyewe, basi. Ukiona kinahitaji maelezo, mwulize aliyekutuma kama anataka kazi iongezwe, ama kiandikie aya ya pekee yenye kichwa chake, chini kabisa.

Na hapa nitoe tahadhari ambayo hukuiuliza. Usipime kilichomo kwa kutafuta neno moja kwenye faili. Ukitafuta "fidia" ndani ya Sura ya Tano utalipata katika kifungu cha 70, ukadhani suala la fidia limo. Fidia ile ni ya mtu aliyevunjiwa haki ya mazingira safi. Ya shamba lililotwaliwa ili barabara ipite iko kwenye cha 40.

Mwalimu, mstari huo wa mipaka uwekwe mwanzoni au mwishoni?

Mwanzoni, kabla ya hoja ya kwanza. Watu hupiga picha nusu ya ukurasa na kuisambaza WhatsApp, na nusu inayosambazwa ni ya juu.

Nimepewa namba za kurasa badala ya sura: "fupisha 40 hadi 44". Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni 40 ipi. Namba iliyochapishwa chini ya ukurasa na namba inayoonyeshwa na faili la PDF mara nyingi hazilingani, maana jalada na yaliyomo huhesabiwa na faili. Kisha tazama kurasa hizo zinapoanzia na zinapokatikia. Kifungu cha 62 kina orodha ndefu ya aina za ardhi ya umma, halafu ndipo vinafuata vijifungu vinavyoeleza ipi inashikiliwa na serikali ya kaunti na ipi na serikali ya kitaifa. Kurasa ulizopewa zikiishia katikati ya orodha, muhtasari wako utataja ardhi ya umma bila kusema iko mikononi mwa nani. Usijaze pengo hilo kwa kukisia. Andika: "Kurasa zinakatika ndani ya kifungu cha 62(1), nani anaishikilia ardhi hiyo kumeelezwa mbele yake." Tena mpigie simu aliyekutuma, kwa sababu huenda alikosea namba.

Mwanangu amenyimwa alama kwenye ufupisho ilhali hoja zake zote zilikuwa kweli.

Swali lilisema afupishe aya zipi? Hoja ya kweli iliyotolewa aya ya nne, wakati ameambiwa mbili za kwanza, haina alama, na inakula maneno aliyopimiwa. Mwambie apige mstari kwenye ukingo wa karatasi pale aya ya pili inapoishia, kabla hajasoma chochote.

Naomba unitumie muhtasari wa Katiba nzima.

Swali hili huja kila wiki, na jibu ni lile lile: hapana. Niambie unataka kujua nini, nitakuonyesha ni sura gani.