Jina lako kwenye biashara utakayoiuza

"Nafungua ofisi ya uhasibu na nataka kuiita kwa jina langu. Nikija kuiuza baada ya miaka 10, jina litanisumbua?"

Litakusumbua, ndugu, na zaidi kwa sababu ni kazi ya huduma. Mnunuzi hanunui meza na kompyuta zako, ananunua wateja watakaobaki. Akiona jina lako mlangoni atajiuliza ni wangapi watakufuata ukiondoka. Hapo ndipo anaposhusha bei, au anazuia sehemu ya malipo mpaka aone wateja wamebaki, na wewe unalazimika kuendelea kukaa ofisini mwaka mmoja au miwili.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaufikirii: jina likiuzwa, limeuzwa. Jo Malone, mtengeneza manukato wa Uingereza, aliiuzia kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder biashara yake mwaka 1999 na kuondoka 2006. Aliporudi sokoni 2011 ilibidi duka jipya aliite Jo Loves, kwa kuwa jina lake mwenyewe halikuwa tena mali yake kibiashara. (Yeye aliuza vizuri, lakini wanunuzi wa aina ile ni wachache.)

Kwa hiyo chagua jina lisilomtaja mtu, na ikiwezekana lisilokufunga kwenye huduma moja. Lisajili kama alama ya biashara kwa jina la kampuni, siyo lako. Kama moyo unang'ang'ania jina la ukoo, basi libadilishe miaka kadhaa kabla ya kuuza, ili mnunuzi aone kwenye hesabu kwamba wateja walibaki.