Maswali ya wahasibu: bosi anapotaka hesabu zipindishwe

"Tunafunga hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba. Bosi ananiambia niingize mauzo ya mzigo uliotoka stoo tarehe 3 na 4 Januari. Anasema ni siku tatu tu, na mteja alishaagiza. Kuna ubaya gani?"

Usiku wa tarehe 31 mzigo ule ulikuwa bado stoo kwenu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mauzo, IFRS 15, hakiangalii tarehe ya oda wala ya ankara. Kinachoangaliwa ni lini mteja alianza kuumiliki mzigo kwa maana ya kuweza kuutumia, kuuuza, na kubeba hasara ukiharibika. Kama stoo ingeungua usiku huo, bima ya nani ingedaiwa? Ikiwa ni yenu, mauzo ni ya Januari.

Bosi anaweza kukujibu kwamba mzigo ulishakuwa wa mteja, ulikuwa umehifadhiwa tu. Hilo linawezekana, lakini kuna masharti manne na yote lazima yatimie. Sababu ya mzigo kubaki kwenu iwe ya msingi, kwa mfano mteja mwenyewe ndiye aliyeomba. Uwe umetengwa na kutambulika kuwa ni wake. Uwe tayari kuchukuliwa wakati wowote. Na ninyi msiwe na uwezo wa kumpa mtu mwingine. Omba barua ya mteja ya Desemba inayosema hivyo. Barua iliyoandikwa Januari ikapewa tarehe ya Desemba ili kuziba pengo ni kughushi, na hapo mmetoka kwenye kosa la uhasibu mkaingia kwenye jinai.

Wengi hawajui jinsi jambo hili linavyonaswa kirahisi. Mkaguzi wa nje huchukua hati za mwisho za kutoa mzigo kabla ya 31 Desemba na za kwanza baada ya hapo, akafuata namba zake zinavyopangana. Hati namba 4417 ikiwa ya Januari huku ankara yake ikiwa ya Desemba, hahitaji kuuliza zaidi. Kisha kuna risiti ya EFD, ambayo mashine huiandika tarehe na saa yenyewe. Ukiingiza mauzo Desemba na risiti ikatoka Januari, daftari lako halitalingana na ritani ya VAT ya Desemba mliyopeleka TRA.

"Anachohofia ni sharti la mkopo. Benki inataka uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi usishuke chini ya 1.25, nasi tuko 1.20. Si afadhali kuiokoa kampuni?"

Tuweke namba mezani, tuone presha inatoka wapi. Chukulia mali za muda mfupi ni shilingi milioni 2,400 na madeni ya muda mfupi ni milioni 2,000. Hapo ndipo inapopatikana 1.20. Mzigo wa Januari unauzwa milioni 300 na uliwagharimu milioni 200. Ukiurudisha Desemba, wadaiwa wanapanda kwa 300, stoo inashuka kwa 200, mali zinafika 2,500 na uwiano unagonga 1.25 kamili. Namba ikitua juu ya mstari kiasi hicho, mkaguzi yeyote mwenye uzoefu huanza kuinusa.

Tena hesabu hiyo imeiacha VAT. Ukiiweka ile asilimia 18, yaani milioni 54, wadaiwa wanaongezeka na deni la TRA linaongezeka vilevile: 2,554 kwa 2,054, ambayo ni 1.24. Sharti limevunjwa palepale. Kwa hiyo anayetaka ujanja huu ufanikiwe analazimika kuficha na kodi, hata kama hakukuambia.

Hofu ya bosi si ya bure, na ukiielewa utaongea naye vizuri zaidi. Sharti likiwa limevunjwa mwisho wa mwaka, na mkataba ukiipa benki haki ya kudai fedha zake zote mara moja, kiwango cha uwasilishaji wa hesabu, IAS 1, kinataka mkopo wote uhamie kwenye madeni ya muda mfupi. Tuseme sehemu ya muda mrefu ni milioni 900. Madeni yanakuwa 2,900 na uwiano unaporomoka hadi 0.83. Barua ya benki ya kuwasamehe inasaidia mpangilio huo ikiwa tu imepatikana kabla au ifikapo 31 Desemba, na inawapa angalau miezi 12 ya kurekebisha mambo. Barua ya Januari haibadilishi mizania. Inaelezwa kwenye maelezo ya hesabu kama tukio la baada ya mwaka kufungwa.

Hata hivyo barua mtakayoiandikia benki Januari ina kazi yake. Mkopeshaji anayesoma kwamba uwiano ni 1.20 na kwamba mzigo wa milioni 300 umeshatoka wiki ya kwanza ya mwaka ana jambo la kujadiliana nanyi. Mpelekee bosi rasimu ya barua hiyo pamoja na kukataa kwako. Ukienda na "hapana" peke yake mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Nikatae vipi bila kuonekana mkaidi? Nimpelekee nani?"

Kanuni za maadili zinazotumiwa na NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, ni zile za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, na hata ICPAK, taasisi ya wahasibu ya Kenya, inazifuata. Zinaitambua shinikizo la aina hii kwa jina lake na zinakupa mpangilio wa kupanda ngazi.

Anza na maandishi. Agizo la mdomo lijibiwe kwa barua pepe siku hiyohiyo, kwa lugha ya utulivu:

"Mkurugenzi, kufuatia mazungumzo yetu ya leo asubuhi: umeelekeza ankara tatu za jumla ya milioni 300 ziingizwe tarehe 31 Desemba. Hati za kutoa mzigo zinaonyesha malori yalitoka tarehe 3 na 4 Januari, hivyo kwa IFRS 15 mauzo haya ni ya Januari. Kama ipo hati ya Desemba ambayo sijaiona, naomba unipatie. Nimeambatisha rasimu ya barua kwa benki."

Angalia kwamba hujamtuhumu. Umemwachia mlango wa kuleta hati, na umemlazimisha ajibu kwa maandishi au anyamaze. Mara nyingi agizo huishia hapo.

Lisipoishia, nenda kwa aliye juu yake: mkurugenzi mtendaji, kisha kamati ya ukaguzi au mjumbe wa bodi asiye mtendaji. Mkaguzi wa ndani yuko ndani ya ngazi hii. Wakati huohuo waweza kuomba ushauri NBAA au kwa wakili, na ushauri huo unaweza kuombwa bila kutaja jina la kampuni. Ikiwa milango yote imefungwa, kanuni zinakutaka usihusishwe na taarifa hizo kwa namna yoyote: usiziandae, usizisaini, jina lako lisionekane. Kuacha kazi kumetajwa pia, mwishoni kabisa.

Weka kumbukumbu zako binafsi: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Usinakili leja nzima kwenye flashi ukaenda nayo nyumbani. Kufanya hivyo kunakuweka wewe kwenye kosa la kuvujisha siri, nao watalitumia.

"Mimi ni mhasibu mdogo. Naingiza ninachoambiwa, anayesaini ni mkuu wa fedha. Kosa ni lake, si ndiyo?"

La. Ni kweli kwamba Tanzania mkuu wa fedha husaini tamko lake ndani ya hesabu, akiweka na namba yake ya usajili wa NBAA, na mzigo wake ni mkubwa kuliko wako. Lakini kanuni zinamhusu kila aliyeshiriki akijua.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa WorldCom ya Marekani. Betty Vinson alikuwa mhasibu wa ngazi ya kati. Mwaka 2000 aliagizwa apunguze gharama za kukodi laini za simu kwa dola milioni 828 kwa kula akiba zilizokuwa zimetengwa. Alipinga, akaambiwa ni mara hii tu. Aliandika barua ya kuacha kazi, hakuipeleka. Robo iliyofuata agizo likarudi, na akiba zilipokwisha, gharama zikaanza kuandikwa kama mali. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano na mingine mitano ya kifungo cha nyumbani, ingawa alikiri na kushirikiana na waendesha mashtaka.

"Bonasi yangu inategemea faida ninayoiandaa mwenyewe. Na mume wangu anatuuzia katoni za kufungashia. Huu ni mgongano wa maslahi?"

Ni mambo mawili tofauti. Bonasi ni tishio la maslahi binafsi. Haikatazwi, ila makadirio unayoyagusa, kama hasara ya madeni yasiyolipika au thamani ya mali iliyolala stoo, yanahitaji jicho la pili: mtu asiye na bonasi hiyo ayapitie, na wewe uandike msingi wa kila kadirio kabla faida haijajulikana.

La mume wako ndilo mgongano wenyewe. Toa taarifa kwa maandishi, jitoe kwenye uchaguzi wa msambazaji, uidhinishaji wa ankara zake na upangaji wa malipo. Kusema bila kujitoa hakutoshi. Kama wewe ni miongoni mwa viongozi wenye maamuzi ya kampuni, kiwango cha miamala na watu wa karibu, IAS 24, kinataka miamala hiyo itajwe kwenye hesabu, hata kama bei ni ya sokoni.

"Nikimwambia mkaguzi wa nje, si nitakuwa nimetoa siri ya mwajiri? Na wakinifukuza je?"

Mkaguzi wa nje ana haki kisheria ya kupewa taarifa na maelezo anayohitaji, kwa hiyo kumjibu ukweli si kuvunja siri. Kumdanganya ndilo kosa. Kupeleka jambo kwenye gazeti au kwenye kundi la Whatsapp ni habari nyingine kabisa. Kwa taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka husika kwa nia njema, ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Muone wakili kabla ya kuitumia, kwani unampelekea nani ndiko kunakoamua kama unalindwa.

Kuhusu kufukuzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiikubali kuwa sababu halali kwamba mfanyakazi alikataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumwagiza. Ile barua pepe ya siku ya kwanza ndiyo itakayoonyesha ulikataa nini. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba uongezewe muda, na kueleza kwa nini ulichelewa.